Kinga ya mwili: chora mchoro mmoja wa pepopunda

Chukua karatasi, penseli na rula. Mhimili mlalo uandike siku, mhimili wima uandike kiasi cha antibodi katika damu. Nitatumia mtu mmoja aliyekanyaga msumari shambani, kwa sababu pepopunda inaonyesha vizuri kinga gani inafanya nini na inashindwa wapi.

Hatua ya 1: Kinga ya kuzaliwa nayo

Msumari umepita ngozi, ukuta wa kwanza. Ndani ya saa chache kidonda kinavimba, kinapata joto, na fagosaiti zinamiminika kumeza bakteria. Kazi hii haichagui: awe bakteria wa pepopunda au wa jipu, fagosaiti inammeza vilevile, na akirudi mwakani itaanza upya kama haijawahi kukutana naye.

Hapa mchoro wako bado uko sifuri, na uuache hivyo. Fagosaiti hazitengenezi antibodi.

Tatizo la pepopunda ni kwamba kinachoua ni sumu. Bakteria wanabaki chini kabisa ya kidonda kirefu, pasipo oksijeni, na sumu yao inasafiri hadi kwenye neva. Fagosaiti haziwezi kuikimbiza sumu hiyo peke yake. Inahitajika antibodi ya kuishika kabla haijaingia kwenye neva, maana ikishaingia, antibodi haiifikii tena.

Hatua ya 2: Dozi ya kwanza ya chanjo

Sasa mrudishe mtu wetu nyuma, kabla ya msumari. Chanjo ya pepopunda ni sumu ileile iliyotiwa formalini ikapoteza ukali, lakini umbo lake limebaki karibu kama lilivyokuwa. Umbo hilo ndilo antijeni.

Kati ya limfosaiti B nyingi mno, ni chache tu zenye kipokezi kinachooana na antijeni hiyo. Zikiipata, na limfosaiti T saidizi zikiziunga mkono, zinaanza kugawanyika. Baadhi ya watoto wao wanakuwa seli za plazma, ambazo ndizo viwanda vya antibodi. Wengine wanabaki kuwa seli za kumbukumbu.

Kutafuta, kugawanyika na kukomaa kunachukua muda. Kwa hiyo chora mstari ulale sifuri kwa takriban wiki moja, upande hadi kilele kidogo kwenye wiki ya pili au ya tatu, kisha ushuke. Ukiulizwa kwa nini umelala mwanzoni, usijibu "mwili ulikuwa haujazoea". Taja uteuzi wa limfosaiti B na mgawanyiko wake. Alama ziko hapo.

Hatua ya 3: Dozi ya pili

Weka mshale wa dozi ya pili wiki kadhaa mbele. Safari hii seli za kumbukumbu ni nyingi na ziko tayari. Mstari unapanda ndani ya siku chache, unafika juu zaidi sana, na unashuka polepole. Tofauti ni tatu, basi: muda wa kusubiri, urefu wa kilele, na kudumu.

Kosa ninalolisahihisha kila muhula ni hili: "seli za kumbukumbu hutoa antibodi". Andika kwamba zinagawanyika haraka na kuzaa seli za plazma, nazo ndizo zinazotoa.

Hatua ya 4: Msumari

Kiasi cha sumu ya pepopunda kinachoweza kuua ni kidogo mno, hata hakitoshi kuamsha limfosaiti. Ndiyo maana aliyeugua akapona bado anachanjwa: ugonjwa wenyewe haukumwachia kinga.

Kama mtu wetu hakuwahi kuchanjwa na kidonda ni kirefu na kichafu, hospitali humpa sindano mbili, sehemu tofauti za mwili. Moja ni chanjo. Nyingine ni seramu yenye antibodi zilizokwisha kutengenezwa. Chora seramu kwa mstari wa nukta: unaruka juu siku ileile, kisha unashuka wiki kwa wiki hadi uishe, bila seli yoyote ya kumbukumbu nyuma yake. Hiyo ni kinga tulivu, na chanjo ndiyo kinga tendaji. Mwanafunzi anayeandika kwamba chanjo "ina antibodi" amezichanganya hizi mbili.

Hatua ya 5: Jipime

Mama mjamzito amechanjwa pepopunda. Antibodi zake zimepita kwenye kondo la nyuma. Chora mstari wa mtoto tangu azaliwe. Uanzie juu, ushuke taratibu kama ule wa seramu, maana antibodi ni za kupewa. Kisha, kwenye wiki ya 6, ya 10 na ya 14, weka mishale mitatu ya chanjo ya penta, ambayo ina pepopunda ndani yake, na umchoree mstari wa antibodi anazotengeneza mwenyewe.