Televisheni inapojiongeza sauti yenyewe: kagua vitufe kabla ya kununua bodi

Huku pwani, hasa miezi ya masika, hitilafu hii huletwa kwa fundi mara nyingi: sauti inapanda yenyewe, menyu inajitokeza, chaneli zinahama, au televisheni inajizima bila mtu kugusa kitu. Mara nyingi mwenye nayo ameshaambiwa bodi kuu imekufa. Juzi nilimaliza moja ya inchi 32 kutoka nyumba ya karibu na bahari Tanga, nayo ilikuwa imeharibika swichi moja tu, tena ya bei ndogo kabisa.

1. Ondoa washukiwa wa nje. Toa betri za rimoti, chomoa king'amuzi na waya zote za HDMI. Kama bado inajiongeza sauti, endelea.

2. Angalia saa inaposumbua. Unyevu una tabia yake: televisheni husumbua asubuhi au baada ya mvua, kisha hutulia ikishapata joto kwa saa moja hivi. Hitilafu ya aina hiyo usiikimbilie kwa bodi mpya.

3. Fungua mgongo. Chomoa plagi, subiri dakika 10. Kapasita kubwa ya bodi ya umeme inaweza kubaki na zaidi ya volti 300, kwa hiyo ipime kwa mita kabla ya kuingiza mkono.

4. Pima waya wa vitufe. Hapa ndipo watu wanapopotea, basi twende taratibu.

Kwa kawaida vitufe vyote hutumia waya mmoja, ambao kwenye bodi nyingi umeandikwa KEY. Kisipobonyezwa chochote, waya huo hukaa karibu na volti 3.3. Kila kitufe kina rezista yake, na kinapobonyezwa hushusha volti kwa kiwango chake. Televisheni husoma kiwango hicho ikajua umetaka nini. Sasa chumvi ya bahari inayoingia na upepo huvuta unyevu, ikachanganyika na vumbi ndani ya swichi, umeme ukapata njia ya kuvuja. Televisheni haiwezi kutofautisha uvujaji huo na kidole chako.

Ili kupima, inabidi umeme uwepo. Mchokoo mwekundu wa mita uweke kwenye KEY na mweusi kwenye GND ya bodi kuu, kamwe huo mweusi usiuweke upande wa umeme mkubwa wa bodi ya umeme. Ile ya Tanga ilisoma volti 2.2, tena inayumbayumba. Nilizima, nikachomoa plagi, nikang'oa swichi ya VOL+ na kuipima pembeni: ilionyesha takriban kilo-omu 10 bila kubonyezwa. Swichi nzima haionyeshi chochote hata mita ikiwa kwenye mega-omu 20. Ing'oe kwanza, kwa sababu ikiwa bado kwenye bodi utapima rezista za jirani udhani ni uvujaji.

Wengi hujaribu kuchomoa soketi nzima ya vitufe. Njia hiyo ina kasoro: kwenye modeli nyingi sensa ya rimoti iko kwenye bodi hiyohiyo, na ukiichomoa rimoti nayo hufa. Mimi hutoa pini ya KEY peke yake kwenye soketi na kuifunika kwa tepu. Televisheni ikitulia, umempata mwizi. Isipotulia, rudisha pini. Tatizo liko kwenye bodi kuu au umeme wake.

5. Badilisha swichi zote. Zilikaa hewa moja, zitaharibika moja baada ya nyingine. Nyingi ni za milimita 6 kwa 6, lakini linganisha urefu wa kichwa: kikizidi kidogo tu, kava litakibonyeza muda wote na hitilafu itarudi palepale. Sikubaliani na kuzipulizia mafuta ya kulainisha. Mafuta hukamata vumbi, na hata spiriti huzituliza kwa siku chache tu, maana uchafu uko ndani ya swichi.

6. Safisha bodi. Brashi laini kwanza, kisha spiriti ya asilimia 99. Ya kusafishia vidonda ina maji mengi mno. Sisimizi na mende hufuata joto la bodi ya umeme. Toa mayai na kinyesi chao chote, kwani kinyesi kikipata unyevu hupitisha umeme.

7. Kinga. Acha nafasi ya kiganja kati ya televisheni na ukuta, uiweke mbali na dirisha linalotazama bahari. Msimu wa mvua iwashe kila siku japo saa moja, joto lake liikaushe. Matundu usiyazibe kwa nailoni, na dawa ya wadudu usiipulize ndani: weka chambo cha mende nyuma ya meza. Kioo kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usikinyunyizie maji, kwa sababu yatateremka hadi ukingo wa chini kwenye riboni za paneli. Zikiota kutu utaona mistari ya wima, na hiyo hakuna swichi ya kubadilisha.