Mteja akidai hela irudishwe eti mzigo haukufika

Mteja aliyekulipa kwa kadi akienda benki kudai hela irudi, kwanza soma sababu aliyotoa, maana ushahidi wa "sijapokea mzigo" sio ule wa "kadi yangu imetumiwa na mtu mwingine". Kama anadai hajapokea, ambatisha oda yake yenye anwani aliyojaza mwenyewe, halafu rekodi ya msafirishaji inayoonyesha mzigo umefikishwa anwani hiyohiyo, na tarehe na saini kama ipo. Ile ya "imetumwa" tu haithibitishi kitu. Kisha skrinshoti ya meseji zake za baada ya hapo, mfano "nimeipata ila rangi siipendi", yaani kashakujibia yeye mwenyewe, ila hakikisha tarehe inaonekana na imeili ndo ileile ya kwenye oda. Tuma vyote kwa pamoja kabla ya dedilaini ya kujibu dai, ukichelewa hela inaenda hata kama una haki.