Meshi ya waifai shuleni kwa NodeMCU: pima hopu kwa hopu ujue spidi inapotelea wapi

Watu wengi wakifunga meshi, yaani nodi kadhaa za waifai zinazopokezana data, kwa hizi moduli za bei chee wanapima spidi mwisho wa laini tu, wakiona iko chini wanasema "hopu zimezidi", yaani data inaruka nodi nyingi mno kabla ya kufika, wanatoa nodi moja. Mara nyingi hopu hazina kosa. Nitakuonyesha kwa shule moja niliyofunga huku Mbagala, na hesabu yake ni ya kujumlisha na kutoa, usiogope.

Ramani iko hivi. Rauta ya intaneti ipo ofisi ya mwalimu mkuu, madarasa yamekaa kama herufi U kuzunguka uwanja, maktaba iko ncha ya pili ya hiyo U. Nodi 1 niliiweka kona ya kwanza, nodi 2 kona ya pili, nodi 3 maktaba. Zote ni NodeMCU za ESP8266, kila moja na chaja ya simu, na chukua chaja inayoeleweka maana chipu ikirusha inavuta umeme kwa kushtukiza, chaja feki inaiangusha inajiwasha upya kila saa halafu unabaki kulaumu waifai.

Hatua ya 1: weka programu

Natumia esp_wifi_repeater ya martin-ger, ipo GitHub bure. Futa chipu kwanza, kisha pakia mafaili yake kwa anwani zilizoandikwa kwenye README yake, usikariri za mtu mwingine maana zinabadilika na toleo.

```
esptool.py --port /dev/ttyUSB0 erase_flash
```

Ikiwaka inatoa waifai inaitwa MyAP haina paswedi. Ungana nayo, ingia kwa telnet, uipe jina na paswedi ya rauta ya ofisini:

```
telnet 192.168.4.1 7777
set ssid JINA_LA_RAUTA
set password PASWEDI
set automesh 1
save
reset
```

Fanya hivyo hivyo kwa zote tatu. Hiyo automesh inafanya kila nodi irushe jina na paswedi ile ile ya rauta, na itafute yenyewe wa kuungana naye. Inampendelea aliye karibu zaidi na rauta kwa idadi ya hopu. Kumbuka hilo, tutarudi.

Hatua ya 2: jua umeshika nodi gani

Jina ni moja kila mahali, kwa hiyo laptopu inaweza kuwa imekaa maktaba huku bado imeng'ang'ania nodi ya mbali. Kabla ya kupima chochote, kwenye Linux andika:

```
iw dev wlan0 link
```

Angalia ile anwani baada ya Connected to. Nodi za automesh zinaanza na 24:24, na namba inayofuata inakwambia nodi hiyo iko hopu ya ngapi, yaani 24:24:02 ni hopu ya pili. Chini yake kuna signal kwa dBm, ni namba hasi na ikikaribia sifuri ndo nzuri, ukikaa jirani na nodi inatakiwa iwe nzuri tu. Kama umeshika nyingine, zima waifai uwashe tena ukiwa umesogea.

Hatua ya 3: pima, lakini usipimie intaneti

Ukipima kwa tovuti za spidi unakula bando la shule, na hujui kama unapima meshi au unapima kampuni ya simu. Chukua laptopu ya pili, ichomeke kwa kebo kwenye rauta (kwa kebo, siyo waifai, isije ikala hewa ile ile unayopima) na iwashe programu ya kupima spidi, iperf3 -s. Kisha wewe tembea nodi hadi nodi, kaa karibu nayo kabisa, piga:

```
iperf3 -c 192.168.1.10 -R -t 30
```

Weka IP ya laptopu yako hapo. Ile -R inageuza mwelekeo ili data ije kwako, maana walimu wanashusha kuliko kupandisha. Na seva lazima iwe upande wa rauta, kwa sababu kila nodi inafanya NAT, yaani inaficha vifaa vya chini yake nyuma ya IP yake moja, ukiiweka seva maktaba hakuna atakayeweza kuifikia kutokea ofisini.

Mimi nilipata hivi: nodi 1 megabiti 4.8 kwa sekunde, nodi 2 ikanipa 2.6, nodi 3 ikanipa 0.9.

Hatua ya 4: geuza iwe muda

Hapa ndo penyewe. ESP8266 ina redio moja, inaongea na aliye juu yake na walio chini yake kwenye chaneli moja, na nodi zote zinaifuata chaneli ya rauta. Ni kama kikao, anaongea mmoja wengine wanangoja. Kwa hiyo kila megabiti inarushwa upya kila hopu na muda unajumlishana. Usitoe spidi kwa spidi, gawa 1 kwa spidi upate sekunde za kubeba megabiti moja:

Mpaka nodi 1 ni sekunde 0.21, mpaka nodi 2 ni 0.38, mpaka nodi 3 ni 1.11. Kipande cha nodi 1 kwenda 2 kimekula 0.17 tu, kiko poa, huyu hana tatizo hata kama spidi imekatika karibu nusu, hiyo ndo hali yake. Ila kipande cha mwisho kingekuwa kizuri kama wenzake kingekula kama 0.17 hivi, nodi 3 ingefika sekunde 0.55, yaani megabiti 1.8. Tumepata nusu yake. Kuna kitu.

Nikarudi kwenye iw, nikiwa pembeni kabisa ya nodi 3, ikasoma 24:24:02. Ilitakiwa 03! Yaani nodi 3 haikupita kwa nodi 2, imekata uwanja kimshazari ikashika nodi 1 moja kwa moja kupitia katikati ya mwembe, kwa sababu ni hopu pungufu. Ukiweka laptopu pale dirishani uiskani, nodi 1 inasikika kwa -82. Ishara ikiwa hivyo redio inashuka kuongea polepole sana, na ikiongea polepole inashika kikao chote, hata wa nodi 1 wanangoja.

Hatua ya 5: irekebishe

Automesh inahesabu ishara kuwa mbaya ikishuka chini ya -85, kwa hiyo -82 kwake inafaa. Ibane. Ukiwa umeshika nodi 3, piga ip route, IP iliyo baada ya default via ndo ya nodi, ingia kwa telnet hapo, porti ni ile ile 7777:

```
set am_threshold 75
save
reset
```

Kabla ya hapo hakikisha nodi 2 inasikika pale juu ya -75 na chenji ibaki, maana antena ya laptopu ni nzuri kuliko ka-antena ka NodeMCU. Ikiwaka tena nikaona 24:24:03, iperf3 ikasoma 1.8. Hopu tatu zimeshinda hopu mbili mara mbili.

Kama kipande kinakula muda mwingi na ishara ni nzuri, tuseme -65, hapo siyo umbali. Ni mgongano, aidha na waifai za majirani au nodi mbili za mbali zisizosikiana zinamrushia wa katikati kwa pamoja. Badilisha chaneli ya rauta kati ya 1, 6 na 11, nodi zitafuata, upime tena, ikiwezekana jioni watu wakiwa wametoka ulinganishe.

Megabiti 1.8 inatosha watsapu na kushusha mitihani ya nyuma ya NECTA, video za darasa zima sahau, na kila nodi inabeba vifaa 8 tu kwa mara moja. Printa nayo iweke ofisini upande wa rauta, maktaba wataweza kuchapa. Ukiiweka maktaba nyuma ya nodi 3, ofisini hawataiona.