Somo: Kuchora jozi ya gia zinazoshikana sawasawa kwenye FreeCAD

Swali la "gia zangu zinagongana" linarudi kila wiki, kwa hiyo naliandika jibu mara moja. Mfano wetu ni pinioni ya meno 18 inayozungusha gia ya meno 36 kwenye mashine ya mkono ya kumenya kahawa. Moduli ni 2, pembe ya shinikizo digrii 20.

Pima umbali kati ya shafti kwanza, kabla ya kufungua kompyuta. Usikisie katikati ya tundu kwa macho. Pima kwa venia kutoka ukingo wa nje wa shafti moja hadi ukingo wa nje wa nyingine, kisha toa nusu ya kila kipenyo. Shafti za mm 15 na mm 20 zikitoa 71.5, umbali ni 71.5 − 7.5 − 10 = mm 54. Sasa linganisha na hesabu:

```
a = m * (z1 + z2) / 2 = 2 * (18 + 36) / 2 = 54
```

Zimekubaliana, endelea.

Sakinisha benchi la gia kupitia Addon Manager. Tengeneza gia mbili za involuti, ya kwanza meno 18 na ya pili meno 36, zote `module` 2 na `pressure_angle` 20. Sogeza ya pili mm 54 kwenye mhimili wa X.

Hatua inayoharibu kazi za wengi ni mwanya kati ya meno. Bila mwanya, jino la moduli 2 lina unene wa mm 3.14 kwenye duara la pichi, na nafasi ya kuliingiza ni 3.14 vilevile. Kwenye skrini inapendeza, kwenye chuma au plastiki inakwama. Tunataka mwanya wa jumla wa mm 0.2, kwa hiyo weka `backlash` 0.1 kwenye KILA gia. Namba hiyo hupunguza unene wa jino la gia husika. Ukiweka 0.2 kwenye zote mbili, unapata 0.4 na gia zinapiga kelele mzigo unapogeuka.

Usitafute mwanya kwa kutenganisha shafti. Kusogeza mm 0.1 kunaleta mwanya wa takriban 0.07 tu, na ili ufikie 0.2 utasogeza karibu 0.28. Pembe halisi ya kufanya kazi itapanda hadi kama digrii 20.8 na meno yatashikana kwa kina kidogo. Isitoshe, bodi ya mashine ni ya chuma cha kusubu, matundu yake hayahami. Punguza meno, acha umbali.

Zungusha gia kubwa digrii 5 ili bonde lake litazame jino la pinioni. Kisha chagua gia zote mbili na ubonyeze Common. Ujazo ukitoka sifuri, hazigongani hapo. Rudia pinioni ikiwa imezunguka digrii 5, 10 na 15, gia kubwa ikirudi nyuma nusu ya hapo kila mara. Kukagua mkao mmoja hakutoshi.

MASWALI

Fundi wa Himo: Gia zangu hazishikani, msaada.

Jibu: Moduli, meno, umbali?

Fundi wa Himo: 2, 18 na 36, nimeweka 58.

Jibu: Umejumlisha vipenyo vya nje, 40 na 76, ukagawa kwa mbili. Hapo ncha zinagusana tu. Ni 54, imeandikwa juu.

Dada wa Njiro: Mkuu, kwa nini digrii 5? Gia kubwa ikiwa na meno 35 je?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Programu inaweka jino moja upande wa kulia wa kila gia. Meno yakiwa shufwa, kushoto nako kuna jino, basi unazungusha nusu ya hatua: 180 ÷ 36 = 5. Yakiwa 35, kushoto kuna bonde tayari, huzungushi kitu. Umbali tu ndio unabadilika, unakuwa mm 53.

Mdau wa Kiboriloni: Gia ya zamani nitajuaje kama ni digrii 20 au 14.5?

Jibu: Moduli kwanza: kipenyo cha nje gawa kwa meno kuongeza 2, yaani 76 ÷ 38 = 2. Kisha bana meno 4 ya gia kubwa kwa venia, andika, bana meno 5, andika. Tofauti ikiwa karibu 5.90 ni digrii 20, ikiwa 6.08 ni 14.5. Kwa kuwa unatoa kipimo kwa kipimo, meno kupunguzwa unene hakuharibu jibu. Pima sehemu tatu za gia, maana jino lililolika upande mmoja linadanganya.

Fundi wa Sakina: Ukichapa kwa printa ya 3D, tabaka la kwanza hutanuka na kula mwanya wote. Kata ukingo wa chini wa meno mm 0.5 kwenye mchoro.

Jibu: Kweli kabisa. Ukiona gia inakwama upande uliolala kwenye meza ya printa tu, usiguse `backlash`. Ni ukingo huo.