Kabla hujaanza kuchora grafu ya tanjenti, soma hapa kwanza

Penseli ichongwe, rula iwepo. Kalkuleta iangalie juu ya skrini iwe D na sio R, maana kwenye R ukiandika tan 90 inakuletea -1.995 na utaichora hivyo hivyo bila kushtuka.

Sasa hili ndo liliniumiza. Nilikuwa kidato cha tano Tabora, test ya mwezi, nikatengeneza jedwali la kila nyuzi 30. Kwenye 60 nikapata 1.73, kwenye 90 kalkuleta ikaandika Math ERROR, kwenye 120 ikaleta -1.73. Nikaona hiyo error ni mambo ya mashine tu, nikaruka, nikaunga 60 na 120 kwa mstari uliopita sifuri pale pale kwenye 90. Swali zima likaenda. Mwalimu akaniita, "Kosaini ya 90 ni ngapi?" Sifuri mwalimu. "Na tanjenti ni saini gawanya kwa nini?" Nikanyamaza.

Kwa hiyo kabla hujaunga nukta yoyote tafuta kwanza wapi kosaini ni sifuri: 90, 270, na kila nyuzi 180 kwenda mbele au kurudi nyuma. Hapo saini ni 1 au -1, na ukigawa hiyo kwa kitu kinachokaribia sifuri jibu linapaa. Jaribu mwenyewe, 80 inatoa 5.67, 85 inatoa 11.43, 89 inatoa 57.29, halafu ukivuka tu, 91 ni -57.29, maana kosaini imeshageuka hasi. Yaani upande mmoja mstari unapanda bila mwisho, upande wa pili unatokea chini kabisa. Chora asimptoti kwa nukta nukta kabla ya kitu kingine, na usiivuke.

Jambo la pili, usiandike kipindi ni 360 kwa mazoea ya saini. Vijana ninaowafundisha tuition hapa Mwanga, Kigoma nawaambia wabane rula katikati kwa kidole, wailaze kisha waizungushe. Tanjenti ni mteremko wa hiyo rula. Ikisimama wima imepanda bila kwenda pembeni hata kidogo, ndo ile 90. Ikifika nusu mzunguko imelala palepale ilipoanzia, ncha zimebadilishana tu ila mteremko ni uleule. Saini na kosaini zinafuata ncha moja ndo maana zinadai mzunguko mzima. Kwa namba ni hivihivi, ukiongeza 180 zote mbili zinageuka alama, hasi gawanya kwa hasi, jibu halibadiliki.

Na swali likiwa tan(2x) usikariri kuwa asimptoti iko 90, kipindi kinakuwa 90 na asimptoti zinahamia 45, 135, zinaendelea hivyo, kwa hiyo angalia kilichomo ndani ya mabano kwanza, angalia na swali linaanzia nyuzi ngapi, wengine wanaanzia -180