Kuku 100 wa mayai: piga hesabu hivi kabla hujanunua kifaranga

Wengi hapa Arusha huanza na hesabu ya furaha: kuku 100, mayai 100, trei tatu na ushee kila siku. Mimi naanza na miezi mitano ambayo hutaona yai hata moja. Bei ninazotumia ni za kundi langu la Sakina. Weka za kwako.

Hatua ya 1: Gharama hadi yai la kwanza. Vifaranga 100 kwa 2,800 ni 280,000. Kuku mmoja hula takriban kilo 8 hadi wiki ya 20, kwa hiyo kundi linataka mifuko 16 ya kilo 50. Kwa wastani wa 65,000 mfuko, hiyo ni 1,040,000. Mkaa na maranda 100,000 (ukilea Juni au Julai ongeza mkaa, baridi ya huku unaijua). Chanjo na dawa 60,000. Jumla 1,480,000, banda halimo.

Hatua ya 2: Usibane chanjo. Ratiba yangu: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena ya 21, gumboro ya 28, ndui wiki ya 6 hadi 8, kisha kideri kila miezi mitatu. Chanjo ya Marek wapewe kule wanakototolewa. Uliza kabla ya kulipa. Kundi langu la kwanza nilibeba chupa ya kideri mfukoni kwenye daladala, bila barafu, nikaichanganya na maji ya bomba yenye dawa. Wiki chache baadaye kuku walianza kuharisha kijani na kupinda shingo. Sasa nabeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, nawanyima maji saa moja hadi mbili, halafu nawapa chanjo kwenye maji ya kisima, iishe ndani ya saa mbili.

Hatua ya 3: Hesabu waliobaki. Nakadiria 94 wafike kutaga. Kila mmoja hula gramu 120 kwa siku, jumla kilo 11.3, yaani kama 14,700. Mfuko hauvuki siku ya tano.

Hatua ya 4: Tafuta yai la chakula. Trei ikiuzwa 8,500, yai ni kama 283. Mayai 52 ya kwanza kila siku ni ya kulipia chakula cha kuku tu. Wakitaga asilimia 80 unaokota 75, trei mbili na nusu, 21,250. Toa chakula, toa dawa, maranda na yaliyovunjika, nabakiwa kama 5,500.

Gawanya 1,480,000 kwa 5,500: siku 269. Mtaji unarudi baada ya miezi tisa ya kutaga, na bado sijajilipa mshahara.

Hatua ya 5: Rudia kwa bei mbaya. Trei ikishuka hadi 7,000, mayai ya chakula yanakuwa 63. Wakishuka chini ya hapo, nawauza kwa nyama wiki hiyohiyo.