Kapsheni tatu za kuhesabu siku mzigo ukiwa mdogo

Tuchukue madera 40 yanayoanza kuuzwa Jumamosi saa 3 asubuhi. Kabla ya kapsheni, kagua mzigo: kunjua kila dera, tazama mishono ya mabega na pindo, tafuta madoa. Tuseme matatu yana kasoro, na mawili unayaweka kando ya kubadilishia wateja. Basi unauza 35, na namba hiyo haibadiliki mpaka mwisho.

Posti ya 1, Alhamisi jioni. Hii ni ya kutamanisha tu. Piga picha ya kitambaa kwa karibu, dera zima lisionekane.

"Jumamosi tarehe 14, saa 3 asubuhi. Pamba laini, halishiki mwili, lina mfuko wa pembeni. Bahatisheni rangi!"

Sikuandika "keshokutwa". Instagram haipangi posti kwa mfuatano wa saa, kwa hiyo mtu anaweza kuiona Jumamosi yenyewe akadhani unasema Jumatatu. Siku imetangulia kwa sababu kapsheni ndefu hukatwa, na wengi hawabonyezi kusoma iliyobaki.

Posti ya 2, Ijumaa jioni. Sasa onyesha dera zima, taja idadi na bei.

"Jumamosi tarehe 14, saa 3 asubuhi: madera 35 tu. Bluu 15, kijani 12, zambarau 8. Sh 25,000. Anayelipia kwanza ndiye mwenye dera, hatumwekei mtu."

Najua wapo wanaopenda "bei inboksi". Kwa mzigo mdogo inakuponza: saa 3 utakuwa unajibu "bei gani?" badala ya kupokea oda.

Posti ya 3, Jumamosi saa 2 na nusu. Hapa maneno ya mapambo yakae pembeni, mteja anataka utaratibu.

"Leo Jumamosi tarehe 14, saa 3 kamili. Tuma rangi na urefu WhatsApp, bonyeza kiungo kwenye bio. Ukijibiwa 'lipo', lipia ndani ya dakika 15. Zikipita, linaenda kwa anayefuata."

Kiungo ukikiweka ndani ya kapsheni ya Instagram hakibonyezeki, ndiyo maana tunaelekeza kwenye bio. Rangi ikiisha, hariri kapsheni hiyo hiyo: "Zambarau imeisha."

Maswali ya wanachama

*Dada, nikiandika 10 wakati ninayo 35, si watakimbilia zaidi?*
Watakimbilia, halafu wa kumi na moja akiuziwa, na shoga yake akauziwa mchana, mzigo ujao hakuna atakayeamini namba yako.

*Yakibaki 20 mpaka jioni, nishushe bei?*
Si siku hiyo, mdogo wangu. Aliyelipa 25,000 asubuhi ataiona. Andika "yamebaki 20", kisha watafute waliobahatisha rangi Alhamisi.

*Mimi wateja wangu wote wako stetasi ya WhatsApp.*
Stetasi hupotea baada ya saa 24. Ya Ijumaa iweke tena Jumamosi alfajiri, maana ndiyo yenye bei.